Goti la mtoto halingoji kesho

Na Daktari Wetu

Ukiwahi kulazwa hospitalini au kumlaza mtoto, bila shaka umeiona raundi ya asubuhi. Madaktari huzunguka kitanda, daktari mwanagenzi hufungua faili akaanza kusoma habari za mgonjwa, naye daktari mkubwa husikiliza huku akimtazama mtoto. Wazazi wengi hudhani hiyo ni shughuli ya madaktari wenyewe, haiwahusu. Leo nataka kukuonyesha kwamba namna habari hizo zinavyopangwa inaweza kuamua kama mtoto wako atatembea sawasawa maisha yake yote au atachechemea. Na maoni yangu, ambayo baadhi ya wenzangu hawayapendi, ni kwamba wanagenzi wengi tunawafundisha kuzipanga vibaya.

Nitachukua mfano mmoja tu: mtoto mwenye goti moja lililovimba na kuuma. Nimefanya kazi Garissa na sehemu nyingine za Kaskazini Mashariki, na huko goti la namna hii ni mtihani mgumu kuliko mahali pengi, kwa sababu ambazo utaziona hivi punde. Mtoto nitakayemsimulia nimemuunda kutokana na watoto kadhaa niliowatibu, ili asitambulike mtu. Mambo yaliyompata, lakini, ni yale yale yanayowapata wengi.

HABARI KAMA ILIVYOSOMWA KWANZA

Mtoto ni mvulana wa miaka sita. Aliletwa Garissa kutoka upande wa Modogashe kwa gari la abiria, akalazwa usiku. Asubuhi mwanagenzi, kijana mwerevu aliyetoka chuoni mwaka uliopita, alinisomea hivi:

“Daktari, huyu ni mvulana wa miaka sita, mwana wa wafugaji. Alikuwa mzima hadi siku sita zilizopita alipoanguka akichunga mbuzi. Goti la kulia likavimba. Familia hunywa maziwa ya ngamia yasiyochemshwa. Alipewa dawa kutoka dukani. Hakukohoa. Chanjo amepata. Ni mtoto wa nne katika watoto sita. Kipimo cha brusela kimetoka chanya. Tumemwanzishia dawa za brusela na parasetamoli. Mpango ni kuendelea na dawa na kumtazama.”

Hakuna uongo hata mmoja katika maneno hayo. Kila swali alilofundishwa kuuliza aliliuliza. Hata hivyo, nilipomtazama mtoto nilimwona amelala chali, goti amelikunja kidogo juu ya shuka iliyoviringishwa, na kila mama yake alipoketi kitandani na godoro likatikisika, alilia. Hilo halikuwamo katika faili.

Nilimwomba mwanagenzi afunge faili na kunijibu swali moja: je, mtoto huyu anaweza kukanyaga? Hakujua. Muuguzi, ambaye ndiye aliyekuwa akitutafsiria Kisomali, alimuuliza mama. Mama akasema mtoto hajaweka mguu chini tangu siku tatu, na ndani ya gari alibebwa mapajani njia nzima.

KWA NINI SWALI HILO NDILO LA KWANZA

Ndani ya goti mna nafasi ndogo yenye maji machache ya kulainisha, na ncha za mifupa zimefunikwa kwa gegedu, ile nyama ngumu laini inayong'aa ambayo umeiona kwenye ncha ya mfupa wa kuku. Vijidudu vinavyozunguka katika damu, aghalabu vile viitwavyo stafilokoka, vinaweza kuingia katika nafasi hiyo na kutengeneza usaha. Usaha hauridhiki kukaa tu. Kemikali zinazotoka katika chembe za kupigana na vijidudu huanza kuila gegedu katika muda wa siku chache, na gegedu ikishaliwa hairudi kama ilivyokuwa. Mtoto atapona homa, lakini goti litabaki gumu.

Huo ndio ugonjwa ambao ukikosewa leo hauwezi kusahihishwa wiki ijayo. Magonjwa mengine ya goti yanaweza kungoja. Brusela ikicheleweshwa siku tatu, kwa kawaida goti halitaharibika kwa ajili ya siku hizo tatu. Kifua kikuu cha goti huja polepole kwa wiki na miezi. Kwa hiyo ninamfundisha mwanagenzi aanze na lile lisilongoja, hata kama si lile linaloonekana sana katika eneo analofanyia kazi.

Na dalili inayomtenganisha mtoto mwenye usaha gotini na mwingine ni kwamba hukataa kabisa kukanyaga, na hukataa goti lisogezwe hata kidogo. Mwenye brusela mara nyingi huchechemea, lakini hutembea. Ukimshika kwa upole goti lake litakunjika na kunyooka, ingawa atakunja uso. Nasema mara nyingi kwa sababu miili haisomi vitabu vyetu, na ndiyo maana dalili peke yake haitoshi. Itoshe kutufanya tuchukue sindano.

Katika hospitali nyingi utamsikia daktari akitaja alama nne: homa kupita digrii 38.5, kushindwa kukanyaga, chembe nyeupe kupita 12,000, na kipimo cha kushuka kwa damu kupita 40. Alama hizo zilitokana na watoto waliotibiwa Boston, na zikachapishwa mwaka 1999 kwa ajili ya kiungo cha nyonga. Kwa goti zinasaidia kuamsha shaka, lakini haifai kuzitumia kumwondolea mtoto shaka.

HABARI KAMA ILIVYOPASWA KUSOMWA

Nilimwambia kijana yule: anza upya, sentensi ya kwanza iwe ile ambayo, kama nitaitwa mbio baada ya kuisikia, nitajua la kufanya. Tulikaa naye, tukaijenga pamoja:

“Daktari, huyu ni mvulana wa miaka sita mwenye goti moja la kulia lililovimba kwa siku nne, ana homa, hajakanyaga kwa siku tatu, na goti hilo bado halijachomwa sindano.”

Maneno matano ya mwisho ndiyo ninayoyapenda. Yanataja lile ambalo halijafanywa. Habari nyingi zinazosomwa kwenye raundi hueleza yaliyofanywa, na hivyo humfanya kila mtu ajisikie kwamba kazi inaendelea.

Baada ya sentensi hiyo inakuja habari ya kuanguka, kwa sababu hapo ndipo wengi wetu hupotea. Mtoto wa kiume wa miaka sita huanguka kila siku. Ukimuuliza mzazi goti lilianzaje, atatafuta katika kumbukumbu na atapata kuanguka kwa namna fulani. Swali lenye maana ni hili: baada ya kuanguka, alitembea? Mama alipoulizwa, alisema mtoto alirudi nyumbani na mbuzi wake, akacheza, na kesho yake akaenda tena malishoni. Uvimbe ulianza siku mbili baadaye, pamoja na homa. Goti lililojaa damu kwa sababu ya kuumia huvimba katika saa chache tu. Goti hili lilikaa siku mbili bila neno. Basi kuanguka kulitokea kweli, ila hakukuwa chanzo cha uvimbe huu, au angalau hakukuwa habari yote.

Kisha yanafuata mambo matatu ambayo yangebadili mkono wangu kabla sijashika sindano.

La kwanza ni damu. Kuna watoto wa kiume wanaozaliwa na damu isiyoganda vizuri, ugonjwa uitwao hemofilia, na goti ndilo mahali wanapovuja damu mara nyingi. Ukichoma sindano goti la mtoto kama huyo bila matayarisho unamwongezea madhara. Hakuna haja ya mashine kulitambua jambo hili mapema. Muulize mama: alipotahiriwa, damu ilikatika mara moja au ilitoka kwa siku nyingi? Je, wajomba zake, ndugu wa kiume wa mama, kuna aliyevuja damu sana au aliyefariki utotoni kwa kuvuja damu? Huko Kaskazini Mashariki karibu kila mvulana hutahiriwa, kwa hiyo swali la tohara ni kipimo ambacho familia imeshakifanya tayari. Mtoto wetu alipona tohara yake bila shida, na wajomba wote walikuwa wazima.

La pili ni dawa alizokwisha kunywa. Mama alitoa mfukoni pakiti ya amoksilini kutoka duka la dawa. Mtoto alikunywa kwa siku mbili. Dozi hiyo haikutosha kuua vijidudu gotini, lakini ilitosha kuvificha visiote katika maabara. Kwa hiyo nikisikia maabara haijaona kijidudu, nitajua kwamba jibu hilo halina nguvu kamili. Hapa nakuomba, msomaji: ukimleta mtoto hospitalini, usitupe pakiti. Lete hata iliyokwisha.

La tatu ni alama za moto. Juu ya goti la mtoto mlikuwa na makovu matatu mabichi, duara, makubwa kama kidole gumba. Mzee mmoja wa kijijini alilichoma goti kwa chuma cha moto, tiba ya zamani kwa wafugaji wa huko. Mwanagenzi aliona aibu kuyataja mbele ya mama, akidhani atakuwa anamlaumu. Mimi nasema yatajwe, na yatajwe bila lawama, kwa sababu mbili. Yanatuambia kwamba familia iliona ugonjwa huu mkubwa tangu siku ya pili, hata wakatafuta tiba ya mwisho wanayoijua. Tena yanatuambia ni wapi tusipitishe sindano, kwa maana kupitisha sindano katika ngozi yenye kidonda ni kubeba vijidudu kuvipeleka ndani ya kiungo.

MWILI WA MTOTO

Sasa ndipo tunamgusa mtoto. Uzito kilo 18, homa digrii 38.9. Goti la kulia lilikuwa moto kuliko la kushoto, na pia ya goti ilielea ukiibonyeza, ishara ya maji mengi chini yake. Alilishikilia likiwa limekunjwa kidogo, kwa sababu goti likikunjwa hivyo ndipo nafasi ya ndani inapokuwa pana na maumivu yakapungua. Nilijaribu kulinyoosha kwa nafasi ya kidole kimoja, akapiga kelele.

Kuna mambo matatu ambayo mwanagenzi hupaswa kuyasema hapa hata kama majibu yake ni ya kawaida. Aseme kuhusu nyonga, kwa maana nyonga iliyoharibika hutuma maumivu gotini, na nimewahi kuona goti zima likipigwa picha huku ugonjwa ukiwa nyonga. Ya mtoto huyu ilizunguka bila shida. Aseme kuhusu mfupa juu na chini ya goti, akibonyeza kwa kidole kimoja polepole, kwa sababu usaha unaweza kuanza ndani ya mfupa na kupasukia kiungoni, na hapo tiba huwa ndefu zaidi. Mfupa wake haukuwa na mahali palipouma peke yake. Tena aseme kuhusu viungo vingine na moyo, maana homa ya baridi yabisi huhama kutoka kiungo hiki hadi kile na kuacha madhara moyoni. Hapa kilikuwa kiungo kimoja tu, na moyo ulisikika safi.

KIPIMO KILICHOTUPUMBAZA

Hatimaye tunafika kwenye maabara, na hapa ndipo penye ugomvi wangu. Chembe nyeupe zilikuwa 19,000 na kipimo cha kushuka kwa damu kilikuwa 85. Picha ya eksirei ilionyesha uvimbe tu, mifupa mizima, jambo ambalo halipaswi kumfariji mtu, kwa kuwa madhara ya mfupa huchukua kama siku kumi hadi wiki mbili kabla ya kuonekana kwenye picha. Na kipimo cha brusela kilikuwa chanya.

Brusela ni ugonjwa wa kweli katika eneo hilo. Watu huishi na ngamia, mbuzi, kondoo na ng'ombe, na wengi hupenda maziwa mabichi. Ugonjwa huo huuma viungo, goti likiwamo. Lakini kipimo kinachotumika katika zahanati na hospitali nyingi, kile cha kuchanganya tone la damu na dawa ya rangi na kutazama kama kutaganda chembechembe, kina kasoro. Utafiti uliochapishwa mwaka 2017 kutoka hospitali za magharibi mwa Kenya ulionyesha kwamba kipimo cha aina hiyo huwaita wagonjwa watu wengi ambao kipimo bora zaidi, kiitwacho Rozi Bengali, hakiwaoni kuwa na brusela. Tena hata kipimo kizuri huona kinga iliyobaki mwilini kutokana na maambukizo ya zamani. Mtoto aliyekunywa maziwa mabichi tangu aachishwe ziwa anaweza kuwa na alama hiyo katika damu na goti lake likaumwa kitu kingine kabisa.

Kwa hiyo nasema waziwazi: kwa mtoto mwenye goti moja la moto asiyeweza kukanyaga, kipimo cha brusela kisisomwe kabla ya maji ya goti. Kisomwe baadaye, kikiwa nyongeza. Kikisomwa kwanza kinafunga mlango, na kila mtu anaona jibu limepatikana.

Nalisema hili kwa sababu nami nilifungiwa mlango huo. Nilipokuwa mwanagenzi, katika hospitali nitakayoiacha bila jina, nilipokea msichana wa miaka minane mwenye goti kama hili. Kipimo kilikuwa chanya, nikamwanzishia dawa za brusela, na kwa siku tatu nikaandika katika faili kwamba homa yaendelea, tuendelee na dawa. Siku ya nne daktari mkubwa aliporudi kutoka likizo alichoma sindano, usaha ukatoka mzito kama maziwa ya kopo. Msichana alipona. Goti lake halikuweza tena kukunjika kupita nusu. Hakuna aliyenikaripia, kwa maana faili langu lilikuwa nadhifu.

SINDANO NA YALIYOFUATA

Tulimrudia mtoto wetu saa ile ile. Alipewa dawa ya usingizi mwepesi na ganzi ya ngozi. Ngozi ilisafishwa kwa dawa, nasi tukapitisha sindano kando ya pia ya goti, mbali na makovu ya moto. Zilitoka mililita 15 za maji ya manjano, mazito, yenye ukungu. Maji ya goti zima huwa machache na maangavu, unaweza kusoma gazeti kupitia kwayo. Haya hayakuonyesha hata kivuli cha herufi.

Sehemu ya maji tuliiweka katika chupa ya kuhesabia chembe, sehemu tukaipaka kwenye kioo kwa ajili ya darubini, na sehemu tukaiingiza moja kwa moja katika chupa ya kuoteshea damu, kwa sababu vijidudu vya kiungoni huota vyema zaidi humo. Damu yenyewe ilichukuliwa kuoteshwa pia. Baada ya hapo, wala si kabla, dawa ya kuua vijidudu ilianza kuingia mshipani. Mpangilio huo una masharti yake: mtoto akiwa amelegea, mikono baridi, mapigo ya moyo yakienda mbio, usimngojeze sindano ya goti. Chukua damu, mpe dawa, goti lifuate mara hali ikiruhusu.

Hesabu ilirudi adhuhuri: chembe nyeupe 72,000 katika tone dogo la maji, karibu zote za aina ile inayopigana na usaha. Juu ya 50,000 tunashuku usaha kwa nguvu sana. Brusela kwa kawaida hutoa hesabu ndogo kuliko hiyo. Lakini hesabu ndogo haimwachilii mtoto ikiwa goti bado ni la moto na halisogezeki, hasa kama ameshanywa dawa za dukani. Kwenye darubini zilionekana chembe za duara zilizoshikamana kama kichala cha zabibu. Kama zisingeonekana tungeendelea vile vile, kwa maana darubini huvikosa vijidudu hivyo katika nusu ya wagonjwa hivi, au zaidi.

Jioni ile alipelekwa chumba cha upasuaji. Goti lilifunguliwa kidogo, likaoshwa kwa maji mengi ya chumvi mpaka yakatoka meupe. Dawa yake ilikuwa flukloksasilini, miligramu 50 kwa kila kilo ya uzito, kila saa sita. Kwa kilo 18 ni miligramu 900 kila mara. Nataja hesabu hiyo ili mwanagenzi aijue na mzazi aone kwa nini uzito wa mtoto hupimwa kabla ya yote. Usiitumie kununua dawa mwenyewe.

Siku ya pili homa ilishuka. Siku ya tatu maabara iliotesha stafilokoka inayouawa na dawa ile ile. Kipimo cha Rozi Bengali kilirudi hasi, tukaziacha dawa za brusela. Ziko zenye kazi yake: mtoto wa umri wake mwenye brusela ya kweli hutibiwa kwa dawa mbili kwa wiki sita, na kumpa mtoto asiye nayo rifampisini kwa wiki sita ni kumbebesha mzigo bure, tena ni kuichezea dawa tunayoihitaji kwa kifua kikuu.

Mtoto alikaa mshipani mpaka homa ilipokwisha na goti likaanza kusogea, kisha akabadilishiwa dawa za kumeza, jumla wiki tatu. Hapa pana hatari ambayo raundi za mijini huisahau. Familia yake ina mifugo inayongoja. Siku ya sita baba aliuliza kwa heshima kama wanaweza kuondoka, kwa kuwa mtoto anacheka. Angeondoka bila maelezo, dawa zingekwisha njiani na usaha ungerudi. Tulikubaliana akae kwa jamaa yake mjini Garissa mpaka wiki tatu ziishe, aje kila baada ya siku tatu kuonwa. Swali la “atalala wapi na nani atamrudisha” nataka liwe sentensi ya mwisho katika habari ya mwanagenzi, likiwa sehemu ya tiba.

UFANYE NINI WEWE

Utauliza, msomaji wa Nairobi au Mombasa, habari hii yakuhusu nini. Yakuhusu kwa sababu wewe ndiye unayemsomea daktari habari ya kwanza. Yeye huandika unayomwambia, kwa mpangilio unaomwambia. Ukianza na kuanguka, ataandika kuanguka. Ukianza na “nadhani ni brusela” au “nadhani ni baridi”, umeshampa jina la kushikilia.

Basi anza na hili: mtoto wangu hawezi kukanyaga tangu siku fulani, na ana homa. Halafu sema kama alitembea baada ya kuanguka. Toa pakiti za dawa. Sema kama kuna wanaume wa upande wa mama wanaovuja damu, kama nyumbani kuna mtu anayekohoa kwa wiki nyingi, na kama mtoto ana ugonjwa wa seli mundu, kwa kuwa hapo vijidudu na dawa huweza kuwa tofauti. Kisha, daktari akimaliza kuandika, muulize kwa adabu: daktari, je, maji ya goti yatatolewa leo?

Anaweza kukujibu hapana na akawa na sababu nzuri. Goti linalokunjika vizuri kwa mtoto anayetembea halihitaji sindano siku hiyo. Akikueleza hivyo, ridhika. Lakini akisema tungoje tuone kama dawa zitafanya kazi, huku mtoto wako amelala goti likiwa limekunjwa na hataki shuka limguse, muulize tena. Ukiona swali lako linamuudhi, omba kwa upole daktari mwingine amtazame mtoto siku hiyo hiyo.

Yule mwanagenzi wangu siku hizi ni daktari wa kaunti nyingine. Aliniambia kwa simu kwamba sasa huwafundisha vijana wake sentensi moja kabla ya zote, ile inayoishia “bado halijachomwa sindano”. Mtoto wa Modogashe naye alikuja kliniki baada ya miezi mitatu. Nilimwambia achuchumae, akachuchumaa mpaka chini na kuinuka bila kushika kitu. Makovu matatu ya moto yalikuwa yamebaki juu ya goti, na chini yake kovu dogo la upasuaji.